Hati ya 1994, miaka ya 1927

Hati ya ploti aliyotuachia baba ina tarehe mbili, na nyumbani kwetu kila mtu alikuwa akiitegemea ile isiyohusika. Karibu na muhuri wa msajili pameandikwa 1994, mwaka ambao baba alinunua. Kaka yangu mkubwa alijumlisha 99 juu yake, akapata 2093, na kwa miaka mingi hesabu hiyo haikumsumbua mtu. Lakini mstari unaotaja muda wa ukodishaji unasema kipindi ni miaka 99 kuanzia tarehe 1 Februari 1927. Maana yake mkataba ungeisha tarehe 31 Januari 2026. Baba alifariki Agosti 2021. Tulichorithi, kwa macho ya sheria, ni nyumba iliyosimama juu ya miaka minne na miezi kadhaa.

Naandika haya kwa sababu najua familia nyingi hapa Kenya zina hati kama yetu kwenye bahasha kabatini. Ploti nyingi za miji yetu mikongwe zilitolewa enzi za ukoloni kwa miaka 99, na miaka hiyo imekuwa ikifika ukingoni mmoja mmoja. Anayenunua ardhi ya aina hii hununua miaka iliyobaki. Msajili akimpa hati mpya, saa haianzi upya, wala haianzi upya shamba likigawanywa na kila kipande kupewa namba yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta neno "kuanzia" katika hati na kuhesabu kutoka hapo. La pili ni kufanya sachi rasmi kwenye rejista ya ardhi, kwa sababu hati iliyo kabatini inaweza kuwa imepitwa na yaliyoandikwa kwenye rejista: huenda kuna rehani isiyofutwa, zuio, au hata nyongeza ya muda ambayo mzee aliifuatilia bila kumwambia mtu.

Sachi hiyo hiyo ndiyo inayokuonyesha mwenye ardhi halisi ni nani. Yetu ilikuwa imekodishwa na serikali, na ninayoeleza hapa yanahusu ardhi ya namna hiyo. Ikiwa aliyekodisha ni kampuni au mtu binafsi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za ghorofa ambako mnunuzi ana mkataba mdogo chini ya mkataba mkubwa, haki ya kuongezewa muda inatafutwa ndani ya maneno ya mkataba wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mkodishaji, yaani yule aliyekodishiwa ardhi, ulinzi ambao wengi hawaujui. Tume ya Kitaifa ya Ardhi inatakiwa, ndani ya miaka mitano kabla ya mkataba kuisha, imwandikie mkodishaji kwa barua ya rejista, imweleze tarehe ya mwisho na imkumbushe kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kufikiriwa kwanza akiomba kupewa ardhi hiyo tena. Akinyamaza mwaka mzima, tangazo linachapishwa kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima. Haki hiyo ina masharti mawili: mkodishaji awe raia wa Kenya, na ardhi iwe haihitajiki na serikali ya taifa au ya kaunti kwa matumizi ya umma.

Sasa fikiria barua hiyo inatumwa wapi. Inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye rejista. Ya baba ilikuwa sanduku la posta la mwajiri wake wa zamani, na alikuwa ameshastaafu. Kama barua iliandikwa, hakuna aliyekuwa na ufunguo wa sanduku hilo. Mrithi asijipange kwa kuisubiri. Ombi la kuongezewa muda linaweza kupelekwa bila barua yoyote kupokewa, na mwenye ploti ya miaka michache angelipeleka hata kesho. Tatizo la mrithi ni kwamba siku baba anapofariki, anayeweza kulitia sahihi hayupo tena.

Hapa ndipo mambo mawili yanapogongana. Mkataba unaendelea kuhesabu siku bila kujali msiba. Upande wa pili, Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Barua iliyotiwa sahihi na mjane au kifungua mimba haina nguvu kwa Tume, hata kama ukoo wote umeiafiki. Wapo jirani zetu walioandika barua ya namna hiyo wakaamini ombi limeingia, kumbe faili halikuwahi kufunguliwa kwa sababu aliyeandika hakuwa na cheo chochote kisheria juu ya ploti ile.

Kwa hiyo tulianza mahakamani, kuomba barua za usimamizi, yaani idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Baba hakuacha wosia. Tulichukua barua ya chifu inayotaja warithi wote, cheti cha kifo, nakala ya sachi, na hati za ridhaa za wale ambao hawangekuwa wasimamizi. Ombi likawasilishwa na tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, likiacha siku 30 kwa mwenye pingamizi. Mali ikizidi thamani ya shilingi milioni 20, hakimu hana uwezo nayo; inakwenda Mahakama Kuu. Kwa Waislamu kuna njia ya mahakama ya Kadhi. Wasimamizi hawawezi kuzidi wanne. Kwetu walikuwa wawili, mama na mimi, na hilo halikuwa suala la heshima tu. Pale mjane anapobaki na haki ya kutumia mali maisha yake yote na watoto kuipata baada yake, sheria inaiona kama amana inayoendelea, na kwa kawaida haimpi mtu mmoja peke yake usimamizi wa mali kama hiyo.

Nilichotaka kujua kuliko yote ni kama tungelazimika kungoja hadi usimamizi uthibitishwe ndipo tuombe nyongeza ya muda. Uthibitisho huombwa baada ya miezi sita tangu barua za usimamizi kutolewa, na miezi sita kwenye karatasi huwa mirefu zaidi mahakamani. Wakili wetu alituonyesha kifungu cha 79 cha Sheria ya Urithi: mali yote ya marehemu inaingia mikononi mwa msimamizi pale barua zinapotolewa. Kinachongoja uthibitisho ni kugawa, na kuuza ardhi. Kuomba mkataba uongezwe muda ni kuilinda mali isipotee, na kulinda ndiyo kazi ya msimamizi tangu siku ya kwanza. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo moja ambalo mrithi mwenye miaka michache anapaswa kulishika, kwa sababu watu wengi husubiri ugawaji umalizike, na ugawaji ndipo ndugu wanapogombana.

Kuna njia nyembamba zaidi kwa ambaye imebaki miezi tu. Kifungu cha 67 kinairuhusu mahakama kutoa usimamizi wa muda, wa kukusanya na kuhifadhi mali pekee, kabla ya ule kamili. Hauruhusu kugawa hata kijiko. Lakini ukielezwa vizuri kwa hakimu, pamoja na nakala ya hati inayoonyesha tarehe ya mwisho, unampa mtu uwezo wa kupeleka ombi kabla siku haijapita. Hati ya kiapo isiseme tu kwamba mambo ni ya haraka. Itaje tarehe, itaje ombi linalokusudiwa, ieleze kitakachopotea.

Tofauti kati ya kuomba kabla na baada ya tarehe ile ni kubwa mno. Kabla, unaomba kuongezewa muda kwenye mkataba ulio hai, na wewe bado ni mkodishaji mwenye nafasi ya kudai kusikilizwa. Baada, ardhi imerudi kwa serikali, nyumba ikiwa juu yake, na wewe ni mkodishaji wa zamani anayeomba apewe tena. Haki ya kufikiriwa kwanza ipo, nayo si haba, lakini kufikiriwa kwanza si sawa na kumiliki. Katikati hapo huwezi kuuza, benki haiipokei ploti kama dhamana, na mtu mwenye nia mbaya akijitokeza na barua ya ugawaji wa ploti ileile, unaanza kupigana ukiwa nje ya uwanja. Kanuni za kuongeza na kuhuisha mikataba zilizotangazwa mwaka 2017 zinazitenganisha njia hizi mbili. Dalali mmoja alitushauri tuache mkataba uishe "ndiyo mpya utoke safi". Sioni faida yoyote ya ushauri huo kwa familia. Aliyekuwa akifaidi ni mnunuzi wake, ambaye angetupa bei ya ploti isiyo na muda.

Barua za usimamizi zilipotoka mwaka 2022, tulianza na ofisi ya usajili. Sheria ya Usajili wa Ardhi inamruhusu msimamizi kuandikishwa mahali pa marehemu, na baada ya jina lake panawekwa maneno kwamba anaishika kama msimamizi wa mali ya fulani aliyefariki. Dada zangu walisisitiza maneno hayo yaonekane kwenye sachi, nami nilifurahi walivyosisitiza. Bila maneno hayo, mtu akisoma rejista angeona majina yetu mawili tu, na hao wengine wangeonekana hawapo. Wapo wanaoshauri ploti ipelekwe kwanza kwa warithi wote halafu wao waombe kwa pamoja. Mahali penye miaka 30 iliyobaki ningekubali. Penye minne, kila sahihi inayotafutwa kwa ndugu aliye mbali au aliyenuna ni muda unaokatwa.

Kabla ya kupeleka ombi tulilazimika kusafisha madeni mawili ambayo watu huyachanganya. Kodi ya ardhi hulipwa serikali ya taifa kila mwaka kwa sababu ndiyo iliyokodisha. Reti hulipwa kaunti. Baba alilipa reti kwa uaminifu na risiti zote zipo, lakini kodi ya ardhi ilikuwa imesimama tangu alipoanza kuugua. Kiasi chenyewe kwa mwaka kilikuwa kidogo, maana kilipangwa zamani, ila adhabu ya kuchelewa ilikuwa imelizidi deni lenyewe. Vyeti vya kutodaiwa vya pande zote mbili vinahitajika, na vina muda wake; ukivichukua mapema mno vitakuishia mkononi kabla faili halijasogea.

Ombi lenyewe lilikwenda Tume mwaka 2023 likiwa na nakala ya hati, sachi ya karibuni, barua za usimamizi, vitambulisho vyetu, vyeti vya kutodaiwa na ramani ya upimaji. Kutoka hapo ofisi kadhaa huulizwa maoni. Wapimaji huangalia kama mipaka ya ardhini ni ile ya ramani na kama hakuna aliyeingia kwenye akiba ya barabara. Wapangaji wa mji hutazama kama matumizi yanalingana na masharti. Kaunti husema kama ina mpango na ardhi hiyo. Kila ofisi inaweza kulishika faili, na hutajua ni ipi usipouliza kwa maandishi ukitaja namba ya ploti na tarehe ya barua iliyopita. Tulijifunza kumwomba karani atuambie faili liko meza gani, badala ya kuuliza limefika wapi.

Letu lilikwama kwa wapangaji wa mji. Masharti ya mkataba yanasema ploti ni ya makazi ya familia moja. Mbele, kando ya lango, baba alikuwa amejenga chumba kilichokodishwa kwa duka la dawa. Mkaguzi alipofika alipiga picha, na maoni yake yakawa kwamba masharti yamekiukwa. Tulikuwa na njia mbili: kuomba kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, au kulirudisha jengo kwenye makazi. Kwa miaka mingi chumba kile kilikuwa kikimlipia mama bili zake, na uchungu wa kukifunga haukuwa mdogo. Lakini kubadilisha matumizi ni ombi jingine kamili, lina tangazo lake na pingamizi zake, na kodi ya ardhi ya biashara hupangwa juu zaidi. Tukampa mpangaji wa duka notisi yake ya kisheria, chumba kikawa stoo, tukaomba mkaguzi arudi. Mwenye duka, kioski au vyumba vya kupangisha kwenye ploti ya familia moja na alitazame hili kabla mkaguzi hajalitazama. Unaweza kujua peke yako: soma masharti maalumu nyuma ya hati au ndani ya mkataba, kisha toka nje ulitazame jengo kama mtu asiyelijua.

Kulikuwa na suala la uraia pia. Haki ya kufikiriwa kwanza ni ya raia, na mdogo wetu ana pasipoti ya nchi nyingine. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua wa pili baada ya hapo hajaupoteza wa kwanza. Aliyeupoteza kabla, chini ya katiba ya zamani, ana haki ya kuurudisha kwa kuomba, na ni afadhali aombe kabla jina lake halijaingia kwenye ardhi yoyote. Wanaotaka kuiweka ploti ya familia kwenye kampuni wakumbuke kwamba kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa kikamilifu na raia. Hisa moja ya mkwe mgeni inatosha kuharibu.

Idhini ilikuja mwaka 2025, miezi michache kabla ya tarehe yenyewe. Haikuja kama hati. Ilikuja kama barua yenye masharti: kipindi kipya cha miaka 50, kodi mpya ya ardhi kwa mwaka, ada za kulipa, na muda wa kukubali kwa maandishi na kulipa. Watu hufurahia barua hiyo na kuiweka kabatini pamoja na ile hati ya zamani. Hilo ni hatari kubwa, kwa sababu muda wa kukubali ukipita bila malipo, idhini inaweza kuanguka. Miaka 50 au 99 ni vipindi vinavyotajwa mara nyingi, na uamuzi wa urefu si wako, ingawa unaweza kuomba kwa sababu. Kodi mpya hupangwa kwa thamani ya ardhi ya leo, na kwetu ilipanda kutoka kiasi ambacho mtu angelipa bila kuhisi hadi kiasi ambacho lazima kiwekwe akiba kila mwezi. Tulikigawa baina ya watoto wote, mama akiwa nje ya mchango, na mgawo huo tukauandika.

Tulipolipa, hati ya zamani ilisalimishwa, mkataba mpya ukaandaliwa na kusajiliwa, bado kwa majina yetu kama wasimamizi. Niliusoma mara kadhaa kabla ya kutia sahihi, hasa tarehe ya kuanza, ukubwa wa ploti na matumizi, maana kosa la herufi hapo husahihishwa kwa shida kuliko kuandikwa. Kwa ambaye jibu lake ni hapana, haki yake ni kupewa sababu kwa maandishi, na kesi ya namna hiyo inasikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wakati huohuo ule upande wa mirathi ulikuwa umemalizika mahakamani. Usimamizi ulithibitishwa mwaka 2023, na cheti kinasema ploti inashikwa na mama maisha yake yote, kwa ajili yake na watoto, kisha itakuwa ya watoto wote kwa mafungu sawa. Kilichobaki ni kuitoa ploti kutoka kwa wasimamizi kwenda kwa mama kulingana na cheti hicho, na rejista ionyeshe kwamba anaishika kama amana. Tumebadilisha pia anwani kwenye rejista. Lile sanduku la posta la mwajiri limeondolewa, na barua za ploti sasa zinakwenda kwa dada yetu wa pili, ambaye hajawahi kuhama.